Sneya ya Shemeji

Fundi alikuwa amefura tangu asubuhi, na haki alikuwa nayo. Siku tatu nzima amekaa mbele ya kompyuta katika kile chumba cha studio chenye magodoro ya zamani ukutani, akitengeneza ngoma za wimbo mmoja tu, na mwenye wimbo hatosheki. Angekuwa mteja wa kawaida angeshamwonyesha mlango. Lakini alikuwa dada yake wa tumbo moja, na dada humfukuzi.

Miaka tisa Dada aliimba katika bendi ya mumewe, mpiga ngoma mwenye sifa zake, mpaka alipochoka akafungasha. Sasa alitaka kutoa wimbo wake mwenyewe, bila mkono wa yule bwana hata kidogo, maana yule bwana alikuwa akitamba kila mahali kwamba bila ngoma zake mwanamke yule hawezi hata kuimbia sebuleni kwake.

Ngoma za kwanza Dada aliziita cherehani. Basi, Fundi alikubali: alikuwa amechora kila pigo pale pale kwenye mstari wake wa mdundo kwenye skrini, yote kwa nguvu mia moja, katika kipimo kinachofika mia na ishirini na saba. Siku ya pili akabonyeza kitufe cha kubahatisha, namba za nguvu zikatawanyika zenyewe. Dada akasema sasa mpigaji amelewa. Ilimuuma Fundi kwa sababu ilikuwa kweli. Mkono wa mtu hauendi ovyo ovyo; kuna pigo unalolishushia uzito na kuna pigo unaloligusa tu ukipita.

Siku ya tatu akafanya pigo kwa pigo. Haihati, vile visahani pacha vya shaba, akazipa tisini na tano, hamsini na tano, themanini, hamsini. Sneya, ile ngoma yenye mlio mkali, mapigo yake makubwa akayapa mia na kumi na mbili, na katikati akatia vipigo vya thelathini, vya kunong'ona. Swingi akaiweka asilimia hamsini na nane, ili pigo la pili la kila jozi lichelewe kidogo. Mwisho akazivuta sneya zote kubwa nyuma ya mstari, milisekunde thelathini, zikae kwa kujinafasi. Aliposikiliza, kichwa kilimtikisika chenyewe. Akajipongeza, maskini.

Dada alisikiliza, akajaribu kuimbia juu yake ubeti mmoja, kisha akavua hedifoni na kuzitupa mezani.

"Huyo ni yeye," alisema. "Mimi nimemwacha kwake, wewe umemwingiza kwenye wimbo wangu. Na tayari nimeanza kukimbia mbele ya ngoma tena, kama alivyokuwa akisema."

Fundi akawaka. Akamwambia kwamba macho yanamuuma, kwamba mgongo umekufa ganzi, kwamba hakuna mtu humo ndani ila yeye na kipanya chake, na kama anataka ushahidi atamwonyesha sasa hivi. Akafungua rekodi ya zamani ya bendi, ile iliyopigwa kwa kufuata kliki, ule mlio wa kuhesabu mdundo masikioni, kwa hiyo mistari ya skrini haisemi uongo, akaipanga chini ya ngoma zake.

Ushahidi ukamgeuka. Sneya ya shemeji ilikaa nyuma ya mstari kwa milisekunde thelathini hivi, pigo baada ya pigo, sawa kabisa na yake. Miaka yote ya kukaa kwenye mitambo ya bendi yao ilikuwa imemwingia masikioni bila yeye kujua.

Kufunga jambo aliiweka pia sauti ya Dada ya rekodi ile ile, na akaikuza. Kila neno lilianza pale pale kwenye mstari. Akasogeza mbele, ubeti wa pili, wa tatu. Kwenye mstari. Shemeji kuchelewesha sneya halikuwa kosa. Ndiyo raha ya upigaji wake. Lakini alikuwa akisimamisha mazoezi mbele ya watu na kumwambia mkewe anakimbia, na mkewe hakuwahi kukimbia hata siku moja; sneya ndiyo iliyokuwa ikibaki nyuma.

Fundi alirudi kwenye ngoma zake. Alizishika sneya zote kwa pamoja, akazirudisha mstarini, kisha akazitanguliza kidogo sana mbele yake, na swingi akaishusha hadi hamsini na mbili. Akampa Dada hedifoni. Dada akaimba ubeti ule ule, na safari hii sauti na ngoma zilitua pamoja.

Alipomaliza alibaki ameikazia macho skrini, sauti yake ya zamani ikianza pale pale kwenye mistari. Hakucheka, wala hakushukuru.

"Yeye namwelewa," alisema polepole. "Lakini wewe, mdogo wangu, ulikuwa umekaa kwenye mitambo. Miaka tisa ukibonyeza kile kitufe cha kunisemesha masikioni, ukiniambia, 'Dada, punguza mwendo.'"

Mistari yote ilikuwa mbele ya Fundi tangu zamani, na hakuwahi kuitazama.

"Rekodi," Dada alisema, akirudi kwenye maikrofoni. "Na leo usiniambie kitu."

Fundi akabonyeza kitufe chekundu, akanyamaza.