Mitihani Miwili, Saa Ileile

Godeberthe alipoiona ratiba ya muda ubaoni, roho ilimruka. Jumanne saa tatu asubuhi, Uhasibu wa Gharama, mtihani wa mwaka wa pili. Jumanne saa tatu hiyohiyo, Takwimu, aliyofeli mwaka jana na sasa anairudia. Ebo! Mtu mmoja akae vyumba viwili? Akikosa mmoja, mwaka mzima umekwenda na maji.

Chuo kizima pale Mbarara, mwingine mwenye balaa hiyo alikuwa Doriane peke yake. Huyo hakufeli Takwimu, siku ya mtihani alikuwa amelazwa kwa malaria. Doriane wa kijiji cha Juru, anayesifiwa na walimu, anayepakiwa kwenye baiskeli na kijana Kwizera kila wakirudi kwao, kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Kwizera yuleyule ambaye Godeberthe anampenda tangu wakiwa Kashojwa, kijiji kingine cha kambi hiyo!

Akamwandikia ofisa wa mitihani, Bwana Tumwesigye: “Mheshimiwa, mitihani yangu miwili imegongana Jumanne saa tatu, Uhasibu wa Gharama na Takwimu ya kurudia. Naomba nipangiwe.” Akaweka namba yake ya usajili.

Jibu likaja upesi: “Kuna mwanafunzi mwingine hivyo? Nipange chumba mara moja.”

Vidole vikasita. Kisha akaandika: “Hakuna.” Akaona raha, ndiyo, raha kabisa. Doriane naye aonje.

Kesho yake akaitwa ofisini.

“Wewe nasema hapana mtu mwingine,” alisema Tumwesigye kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. “Lakini Doriane alikuja hapa leo asubuhi. Yeye naomba kwa nyinyi wawili. Yeye nasema wewe hauna data ya simu, pengine hautaona ratiba iliyotumwa. Sasa mimi naamini nani?”

Godeberthe alitamani sakafu immeze. “Ni kweli, tuko wawili.”

“Basi andika tena, vizuri. Majina mbili.”

Akaandika. Akamtanguliza Doriane, kwa aibu tu.

Jumanne wakafanya Uhasibu asubuhi na wenzao. Takwimu wakawekewa mchana. Kwa kuwa wengine walishaufanya mtihani huo asubuhi, ilibidi wawili hao wafungiwe chumbani na msimamizi, bila simu, bila kuonana na mtu, mpaka karatasi iletwe. Doriane akafungua bakuli la maharage na mahindi, akalisukuma katikati ya meza.

“Kula, dada. Mama alipika ya watu wawili.”

Godeberthe akala. Yalikuwa matamu, na hilo nalo likamuudhi.

“Bwana Tumwesigye alinionyesha ujumbe wako,” Doriane akasema, akitabasamu. “Uliniandika mbele yako. Nilimwambia Kwizera, huyu binti ana moyo mzuri sana.”

Godeberthe akaacha kutafuna. Kwizera, Takwimu, walimu, hayo angeweza kuyavumilia. Sasa hata kwa wema, jamani, huyu mtu amemshinda! Akainamia bakuli, wivu ukimchoma kuliko siku zote, akajibu, “Asante, dada,” na msimamizi akawaambia wafute meza, karatasi zimefika.