Dima ya Chumba cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alitolewa mtoto wa jicho la kulia siku ya Jumatatu. Mimi ni fundi umeme, nikaona nimpokee kwa mwanga mzuri. Chumbani mwake nilitoa balbu ya zamani ya wati mia nikaweka ya LED ya wati saba, iliyoandikwa kwamba inakubali kupunguzwa mwanga. Dima, ile swichi ya kuzungusha ili kupunguza au kuongeza mwanga, niliiacha ileile. Niliizungusha hadi mwisho, balbu ikawaka safi, nikamshukuru Mungu.

Jumamosi mume wangu akaniambia mama amekataa kufanyiwa jicho la pili. Anadai la kwanza limeharibika: mwanga unamtetemekea, na sikioni anasikia nyuki.

Nilimkuta chumbani amejiinamia kitini. Kila aliyeingia mle alizungusha dima hadi mwisho ili amwone vizuri. Akitoka, mama aliirudisha chini, maana mwanga mkali ulimuumiza. Nikairudisha chini mimi mwenyewe. Balbu ikatetemeka, ikavuma.

"Mama, hata mimi naona. Tazama dirishani, mwanga wa nje unatetemeka?"

Alitazama kwa muda mrefu. "Hautetemeki."

"Basi si jicho lako. Ni kazi ya mikono yangu."

Nilimweleza kwamba dima ile ilitengenezwa kwa balbu za zamani, zinazokula umeme mwingi. Hukata mwanzo wa kila wimbi la umeme, kisha huuachia ghafla, na mshtuko huo ndio unaozifanya sehemu za ndani ya LED zivume. Tena wati saba ni mzigo mdogo mno kwake. Inashindwa kushikilia umeme, inauachia na kuukamata, ndiyo maana mwanga ukacheza. LED inahitaji dima inayokata mwisho wa wimbi, iliyopimwa kwa wati chache.

Hakuniuliza lolote kuhusu mawimbi. Alisema polepole, "Na mimi dawa ya matone nimeitupa tangu Jumatano. Nilisema, jicho lililokufa halinyweshwi."

Siku tatu, jicho bichi, bila dawa. Nilimshika mkono tukatoka vilevile kwenda hospitali, mimi na ovaroli yangu, njia nzima nikiomba Mungu kimoyomoyo asinihesabie uzembe ule.

Daktari alisema uvimbe umeanza, ila tumewahi. Akatoa dawa nyingine na kutuonya sote wawili.

Jioni hiyo nilifunga dima ya kukata mwisho wa wimbi, niliyohakikisha inaanzia wati tatu. Mama akaizungusha mwenyewe hadi chini kabisa, akakodoa macho. Mwanga ulitulia tuli, kimya.

"La pili nitakwenda," alisema. "Ila mkwe wangu, nikiwa huko hospitali, humu ndani usiguse kitu."