Vyeupe, Si Nyeupe

Ofisini walimwita Dada Kiambishi, na hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kusoma ujumbe mfupi kabla haujapelekwa kwenye simu za wagonjwa. Zahanati zilituma maagizo, mtambo ukayaunganisha maneno, yeye akahakikisha yanasomeka. Chumba kilikuwa na meza tatu, feni moja iliyolia kama kinda la ndege, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani.

Mambo yaliharibika siku Meneja alipoingia na karatasi mkononi.

"Ujumbe ni mrefu mno. Kila unapozidi, tunatuma mara mbili. Kateni."

"Tukate nini?" aliuliza Fundi, kijana aliyeutengeneza mtambo.

Dada Kiambishi ndiye aliyejibu, na jibu hilo lilimtafuna muda mrefu baadaye. "Nomino inaweza kuondoka," alisema. "Ukisema 'acha vyeupe', mtu anajua ni vidonge. Ukisema 'acha nyeupe', anajua ni dawa ya chupa. Kivumishi kinabeba ngeli yake."

Meneja akafurahi. Dada Kiambishi akaketi alasiri nzima akaandika jedwali: kidonge cheupe, vidonge vyeupe, dawa nyeupe, unga mweupe, mafuta meupe. Upande wa pili: kidonge kingine, vidonge vingine, dawa nyingine, unga mwingine, mafuta mengine. Juu kabisa aliweka watu: mgonjwa mwingine, wagonjwa wengine. Akampa Fundi. Fundi akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na juma lililofuata Dada Kiambishi akaenda likizo ya siku nne kumuuguza mwanawe aliyeshikwa na surua.

Aliporudi alifungua orodha ya jumbe zilizokwisha kutumwa. Namba za simu zilifichwa kwa nyota, kama kanuni ilivyotaka, lakini maneno yalionekana.

*Acha nyeupe. Nyingine endelea nazo.*

Akashuka chini. *Acha nyeupe.* Tena. *Meza nyekundu kila asubuhi.* Tena na tena. Akatazama safu ya pembeni, ambapo karani wa zahanati huchagua aina ya dawa. Kila mstari uliandikwa: VIDONGE.

"Fundi, jedwali langu liko wapi?"

"Nimeliingiza, dada."

"Lote?"

Fundi akakuna kisogo. "Safu mbili. Ya mtu na ya dawa. Muda ulikuwa mdogo. Lakini kidonge si dawa? Dawa nyeupe. Nimekosea wapi?"

"Neno 'dawa' lingekuwepo usingekosea. Umeliondoa! Sasa kiambishi kimebaki peke yake kusema tunazungumzia nini, nacho kinasema uongo. Mtu mwenye vidonge vyeupe na chupa nyeupe ndani ya nyumba moja ataacha ipi?"

Fundi hakuwa mtu mbaya. Alivuta kiti, akafungua mtambo, na uso wake ukabadilika. "Umefungwa. Tangu ulipoanza kutumika, mabadiliko yanapita makao makuu kwanza."

Wakaenda kwa Meneja. Dada Kiambishi alikuwa ameshaandika sahihisho: *Acha vidonge vyeupe. Dawa ya chupa usiache.* Meneja alilisoma mara mbili.

"Hili ni kukiri kosa," alisema. "Lazima mwanasheria aone."

"Lini?"

"Yuko safarini."

"Basi nipe namba za wagonjwa, niwapigie mmoja mmoja."

"Mimi mwenyewe sina. Ziko zahanati."

Alizipigia zahanati. Ya kwanza haikupokea. Ya pili karani alisema, "Nyeupe, vyeupe, si yale yale mama? Watu wanaelewa." Ya tatu walimwambia aandike barua. Akaandika. Kila asubuhi alifungua orodha akakuta *nyeupe* mpya zimeongezeka, naye hakuwa na kitufe cha kuzizuia. Alikuwa kama mtu anayeona gari likiteremka mlimani bila dereva, akabaki kupiga kelele tu.

Siku ya sita kaka yake alimpigia simu.

"Baba ameanguka bafuni. Tuko hospitali."

Baba yao alikaa kwa kaka, mji wa pili, mwendo wa saa nne. Alifundisha lugha miaka thelathini na minane, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mwalimu tu. Dada Kiambishi alijua anatibiwa shinikizo la damu. Hakujua kwamba zahanati yake ilijiunga na huduma yao mwezi ule.

Alimkuta wodini, mguu umefungwa, midomo imekauka. Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliwaita nje, yeye na kaka yake.

"Zahanati ilimpa vidonge vyekundu vya shinikizo vichukue nafasi ya vile vyeupe. Akavimeza vyote pamoja. Shinikizo lilishuka mno, akazimia. Hakupata ujumbe?"

"Aliupata," alisema kaka. "Alinisomea mwenyewe. Nilimwambia, baba, tupige simu kuuliza. Akaniambia Kiswahili hakihitaji kupigiwa simu."

Dada Kiambishi alishika ukuta.

Dada Kiambishi aliporudi wodini, baba alikuwa macho. Alimwambia yote, tangu Meneja alipoingia na karatasi hadi barua aliyoandika. Hakujificha. Mzee alisikiliza huku akitazama dari.

"Mimi nilikuwa na chupa nyeupe," alisema mwishowe. "Ya tumbo. Nikasoma 'nyeupe', nikajua ni hiyo. Ingekuwa vidonge, wangeandika 'vyeupe'. Kisha wakasema 'nyingine endelea nazo'. Nikaiweka chupa pembeni, nikaendelea na dawa zangu zilizobaki. Nilisoma vibaya, mwanangu?"

"Hapana, baba. Ulisoma sawasawa."

"Jirani naye alipata ujumbe kama huo. Hajui ngeli hata moja. Akaacha vidonge, mzima wa afya." Alijaribu kucheka, maumivu yakamkatiza.

"Baba, mimi ndiye niliyesema nomino iondolewe."

"Ulisema kweli. Inaweza kuondoka." Akafumba macho. "Lakini kinachobaki lazima kiseme kweli."

Daktari alisema kwa umri wake kutembea tena ni majaliwa. Kaka hakumlaumu dada yake kwa maneno. Aliacha tu kumtazama. Alitoka kununua maji, akakaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji.

Siku ya tisa, simu ya mzee ilitoa mlio mfupi ikiwa juu ya kabati. Dada Kiambishi aliusoma ujumbe. Mwanasheria alikuwa amerudi.

*Acha vidonge vyeupe. Dawa ya chupa usiache.*

"Nani?" aliuliza baba.

Alimpa. Mzee aliisogeza simu mbali na macho, kama alivyozoea kushika madaftari ya wanafunzi, akasoma taratibu, midomo ikitembea.

"Huu sasa ni sahihi," alisema, akamrudishia.

Dada Kiambishi hakujua afanye nini na simu ile. Wangapi wengine walikuwa wameusoma ujumbe huo asubuhi hiyo, na wangapi hawakuwepo tena wa kuusoma, hakuna aliyeweza kumwambia. Alimpigia Fundi, naye akasema safu zote zimeingia sasa, kumi na zaidi, kisha akaanza kulia kwenye simu.

"Nigeuze kidogo," baba alisema. "Ubavu huu umechoka."

Akaweka mikono chini ya mabega yake, akanyanyua. Mzee hakusogea. Akajaribu tena.

"Ngoja, baba. Nimwite muuguzi."

"Muuguzi ana wengi," alisema mzee. "Ngoja tu na mimi."

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono, wakangoja.