Watatu Wafa

Mwaka 1975 nilikuwa Kasulu, katika ofisi ya elimu ya watu wazima. Kila mwezi tulirudufu jarida la kurasa nne kwa ajili ya wanakisomo wa Kasulu na Kibondo, watu waliojua kusoma juzi tu. Kazi yangu ilikuwa kuchukua vichwa vya habari vya gazeti la Dar es Salaam na kuviandika upya, vifupi, kwa maneno wanayotumia nyumbani. "Serikali Yatoa Wito kwa Wakulima Kuzingatia Kanuni za Kilimo cha Kisasa cha Pamba" nilikifanya "Pandeni Pamba kwa Mistari". Nilijisifu sana kwa kazi hiyo.

Mwezi wa nne gazeti lilikuja na hiki: "Abiria Watatu Wahofiwa Kupoteza Maisha Kufuatia Kuzama kwa Mtumbwi Mto Malagarasi". Nikaanza kufyeka. "Kufuatia" nje. "Kupoteza maisha" ni kufa. Nikampa Siti, mpiga chapa wetu, karatasi: "Mtumbwi Wazama, Watatu Wafa".

Siti alisoma, akainua macho. "Mwalimu Melkiadi, na 'wahofiwa'?"

"Ni pambo la waandishi. Piga."

Akapiga. Chini ya kichwa tuliweka majina kama yalivyokuwa gazetini. La pili lilikuwa Dadi Athuman wa Kitahana.

Wiki tatu baadaye nilikwenda Kitahana kukagua darasa. Mwanakisomo wangu hodari pale alikuwa Adija, mama wa makamo, mjane. Siku hiyo hakuwepo. Nikaenda kwake. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, kanga imefunika kichwa, na shemeji yake Abbasi yuko mlangoni.

"Mwakeye," niliwaamkia.

Abbasi akauliza, "Wewe ndiye wa jarida?"

"Ndiye."

"Mtoto wake, Dadi, yuko Kasulu, hospitali ya misheni. Hai. Leo asubuhi dereva wa lori ametuletea salamu zake."

Akanieleza. Kijana alikuwa ametolewa majini na wavuvi, mguu umevunjika, kifua kimejaa maji, akapelekwa hospitali hana fahamu. Siku nyingi homa haikumruhusu hata kutaja jina. Wagonjwa wengine walipikiwa na ndugu zao; yeye alilishwa na wake za wenzake wa wodini. Na hospitali ile ilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka ofisini kwetu. Dirisha langu lilitazama ukuta wa wodi yake.

"Jarida lilipofika," Abbasi alisema, "nilikuwa nimeshajaza upepo baiskeli niende kumtafuta. Hospitali zote, hata Kigoma. Shemeji akasoma. Nikairudisha baiskeli ndani, tukafanya hitima."

"Nilisoma mwenyewe," Adija alisema kutoka kwenye mkeka. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Majirani walinizunguka, wakashangaa nasoma. Nilifurahi kidogo, Mwalimu, kabla sijafika kwenye jina. Gazeti kubwa lilisema amekufa?"

Ningeweza kujibu ndiyo. Gazeti lile hakuna aliyekuwa nalo Kitahana.

"Hapana, Mama Dadi. Lilisema wanahofiwa kufa. Maana yake hawajaonekana. Mimi ndiye niliyeandika wamekufa."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kiwe kifupi."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, kama nilivyomfundisha. "Mtumbwi wazama, watatu wafa. Maneno manne. Mtumbwi wazama, watatu hawajaonekana." Akatazama vidole vyake. "Manne."

Sikuwa na pa kuficha uso.

Nilirudi Kasulu, nikaenda kwanza wodini. Dadi alikuwa amekonda, mguu umeunga vibaya. Nilimweleza. Alinitazama, kisha akageukia ukutani.

Mkuu wangu, Bwana Khatibu, alikuwa tayari ameandika sahihisho: "Ufafanuzi Kuhusu Taarifa Iliyochapishwa Toleo Lililopita".

"Hapa Mama Dadi hataelewa kilichotokea," nilisema. Nikaandika chini yake: "Dadi Yu Hai. Tulikosea".

Siti aliiweka karatasi ya stensili mashineni, akangoja. "Tulikosea, Mwalimu? Sisi akina nani?"

Nikachukua kalamu, nikarekebisha: "Dadi Yu Hai. Melkiadi Alikosea". Bwana Khatibu alinung'unika kwamba jarida litachekwa. Siti akapiga.

Dadi aliporuhusiwa kutoka hospitali, Abbasi alikuja na baiskeli, akamfunga Dadi kwenye kiti cha nyuma kwa kanga za mama yake. Niliwasindikiza hadi mwisho wa mji nikiishika baiskeli kwenye mteremko. Tulipofika njia ya Kibondo, Abbasi alisema, "Tosha, Mwalimu. Tuache hapa."

Nikaiachia.