Vitufe vya Bibi

Mjukuu alishaamua kwamba Bibi atanunuliwa simu janja, yenye maandishi makubwa kama ya bango la uchaguzi. Sababu aliyompa muuzaji dukani ni macho ya Bibi. Sababu yenyewe ilikuwa Babu, aliyefariki miaka miwili iliyopita, ambaye Bibi bado alimpigia kila jioni. Mjukuu aliamini Bibi anaongea peke yake, na kwamba kwenye kioo kisicho na vitufe asingeweza kupiga tena.

Bibi akagusa kioo. Kidole chake kikavu hakikutambuliwa. Akagusa tena, kamera ikafunguka, akajiona.

"Na huyu kizee anataka nini humu?"

Muuzaji akaihamishia laini ya Bibi kwenye simu ya vitufe ili aijaribu. Bibi akatazama dari, kidole gumba kikapapasa kinundu cha kwenye kitufe cha tano, kisha kikabonyeza tarakimu kumi za namba ya Babu bila kukosea hata moja. Spika ilikuwa kubwa, duka zima likasikia ikiita.

"Bibi, kata basi," mjukuu alinong'ona.

Ikapokelewa. Mtu akakohoa kizee.

"Leo umewahi. Umeshakula?"

"Bado. Nachaguliwa simu."

"Namba isipotumika hupewa mtu mwingine," muuzaji alimnong'oneza mjukuu, huku yeye mwenyewe akirudi nyuma hatua moja.

"Mwambie huyo mjukuu wetu akuache uchague mwenyewe," sauti ikasema.

"Tufungie ya vitufe," mjukuu akamwambia muuzaji haraka, kwa utii ambao hakuwahi kumwonyesha mtu yeyote aliye hai.