Mkia wa Saini

Waraka ulibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa chumba cha kufulia cha hospitali, pale pale ambapo hakuna mtu ambaye angeweza kupita bila kuuona, labda awe amebebwa kwenye toroli la mashuka.

Kiwembe aliusoma akiwa amesimama na mswaki wake wa kusugulia pasi mkononi. Jina lenyewe alilipata kwa sababu koti la daktari likitoka kwake, mkunjo wa mkono unaweza kukata mkate. Kwa kawaida angeshakuwa ameongeza masharubu pembeni ya jina la meneja. Siku hiyo hakuongeza kitu.

"Soma kwa sauti," alisema Babu Povu, mzee wa mashine za kufulia. "Miwani nimeisahau ndani ya koti, na koti nimeliosha."

Kiwembe akasoma.

"Kuanzia tarehe moja, kila mfanyakazi atasaini daftari la mahudhurio mwenyewe, kwa mkono wake, atakapofika. Zamu inaanza saa moja kamili. Atakayechelewa apige simu kabla ya saa moja. Ukichelewa mara tatu ndani ya mwezi, tutakaa tuzungumze. Ikiendelea, utapewa onyo la maandishi. Kumsainia mwenzako, kuanzia leo hii, ni onyo la maandishi papo hapo."

"Papo hapo," Babu Povu akarudia, akimtazama Kiwembe kwa jicho moja.

"Sababu mnaijua. Siku ile kikaushio kilipotoa moshi, daftari lilisema tuko kumi na wanne. Nje tulikuwa kumi na watatu. Nilirudi ndani kumtafuta mtu ambaye hakuwemo. Sitaki mtu mwingine afanye hivyo. Pia chumba cha upasuaji kinangoja mashuka yetu saa tatu, na mkono mmoja ukikosekana asubuhi, mgonjwa ndiye anayengoja. Mwenye shida nyumbani asijifiche. Tunaweza kubadilisha saa za kuanza, kubadilishana zamu kwa kibali, au kutoa ruhusa ya dharura. Fomu ziko ofisini kwangu. Mtakachoniambia kitabaki kwangu."

Mashine namba tatu peke yake ndiyo iliyoendelea kunguruma kana kwamba haihusiki.

Huyo wa kumi na nne alikuwa Mbio, mkunjaji wa mashuka. Waliomwita hivyo hawakukosea: kila asubuhi, saa moja na dakika ishirini, viatu vyake vilisikika koridoni kabla yake. Aliishi na baba yake mzee, aliyekuwa amesahau karibu kila kitu, na jirani wa kumwangalia hakuweza kufika kabla ya saa moja. Kwa hiyo kwa miezi saba Kiwembe alikuwa akimsainia. Hakuombwa. Alianza kama utani, akaendelea kama mtu anayemwagilia ua la jirani. Jina la Mbio, mstari, halafu mkia mrefu uliojikunja mwishoni. Kiwembe hakuweza kuandika kitu bila kukiwekea mkia.

Siku ya moshi, meneja alitoka mlangoni mweusi kama sufuria, akikohoa, akiita, "Mbio! Mbio yuko wapi?" Na Mbio akatokea upande wa pili, getini, akikimbia kuingia kazini.

Tangu hapo Mbio alikunja mashuka bila kuinua kichwa.

Mchana Kiwembe alimfuata mezani kwake. "Dada, umeuona waraka? Saa za kuanza zinabadilishwa. Chukua fomu."

"Sichukui."

"Kwa nini? Fomu haing'ati."

"Kiwembe, kaka yangu, yule mama amekohoa siku tatu kwa ajili yangu. Niingie kwake na uso upi, eti naomba nusu saa?" Akalainisha shuka ambalo lilikuwa limeshalainika. "Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika. Ijumaa naipeleka."

"Na baba atakula hayo mashuka?"

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi, nauliza."

Mbio akavuta shuka jingine. Kiwembe akarudi kwenye pasi yake, na kwa mara ya kwanza koti la daktari likapata mikunjo miwili kwenye mkono mmoja.

Mtu mwingine hapo angekwenda kwa meneja akasema, mama, ni mimi. Kiwembe naye aliliwaza hilo, akaliona zuri sana, akaliahirisha. Badala yake, jioni aliingia ofisini eti kuuliza habari za sabuni, akatoka na fomu moja chini ya shati. Akaijaza kwa moyo wote. Kwenye sababu akaandika: *Baba yangu amesahau vyote isipokuwa njia ya kutoka nje.* Saa anazoomba: saa moja na nusu. Kisha saini. Akaisukuma chini ya mlango wa meneja, akaenda nyumbani akipiga mluzi.

Jumatano aliitwa.

Meneja alikuwa ameanzia kazi kwenye beseni la kuloweka, miaka ishirini nyuma, na mikono yake bado iliijua sabuni. Mezani aliweka daftari la mahudhurio wazi, na pembeni yake fomu. Aliweka kidole kwenye mkia mmoja, kisha kwenye mkia wa pili.

"Kiwembe."

"Naam, mama."

"Waraka wangu uliusoma?"

"Niliusoma kwa sauti, mama. Mpaka Babu Povu alisikia."

"Nimeandika kila mtu asaini kwa mkono wake. Ukaenda ukamsainia hata fomu ya kumwondolea haja ya kusainiwa?"

Kiwembe alifungua mdomo. Utani wote aliokuwa nao tangu kuzaliwa ukawa umetoka kidogo, haupatikani.

"Nilikutuma kwenye moshi," akasema. "Ni mimi. Yeye hakuniomba hata siku moja. Ijumaa anaacha kazi kwa aibu, na aibu yenyewe ni yangu."

Meneja alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga iliyokuwa begani, kwa muda mrefu kuliko uchafu wake ulivyohitaji.

"Unajua nilipokuwa mle ndani nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza, huyu mtoto anakimbia kila siku, leo ndiyo imemshinda." Akairudisha miwani. "Onyo lako hili hapa. Lisome, ukiwa na la kusema andika hapo chini, halafu saini. Na huo mkia uuache kwenye jina lako mwenyewe."

Akasaini. Mkia ukatoka mfupi.

"Sasa fomu hii siwezi kuipitisha, mwenyewe hajaiwekea mkono." Akavuta nyingine, tupu. "Mpelekee. Mwambie nimesema hivi: nilirudi ndani kwa sababu nilimtaka, sitaki aondoke. Na ile sababu uliyoandika," akageuka dirishani, mabega yakitikisika, "mwambie aiandike vile vile."

Mbio aliisikiliza habari yote akiwa ameshika shuka kwa ncha mbili. Kiwembe alipofika penye fomu ya kughushi, Mbio alimchapa nalo. Alipofika penye maneno ya meneja, alijifunika nalo uso. Kisha akaomba kalamu. Saini yake ilikuwa ndogo, imenyooka, haina mkia wowote. Miezi saba ilipita bila mtu yeyote kuiona.

Alipewa saa moja na nusu, kwa miezi mitatu, kisha watakaa waangalie tena. Nusu saa ya asubuhi ataifidia jioni.

Jumatatu ya mwezi mpya, saa moja na dakika ishirini na tano, mlango ulifunguliwa polepole. Babu Povu aligeuka kutazama mgeni ni nani, maana hakusikia viatu.

"Shikamoo, babu," alisema Mbio.

"Marahaba. Kumbe unajua kutembea?"

Kiwembe alimfungulia daftari, akampa kalamu, akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.