Sekunde Kumi za Kufikiri

Baba alifundisha hesabu darasa la tano kwa miaka ishirini na sita. Kisha kiharusi kikamchukulia mkono wa kulia na maneno yote isipokuwa moja: haya. Ukimuuliza kama amekula, haya. Ukimuuliza kama anaumwa, haya. Kichwani mambo yalikuwa sawa, mlango tu ndio uliofungwa.

Mwalimu mkuu ni mtu asiyependa kumuumiza mtu. Alikuja nyumbani, akakaa kwenye ncha ya kiti, akasema njia ziko mbili. Ama Baba ahamie stoo ya vitabu hadi astaafu, ama aonyeshe kwamba bado anaweza kuongoza darasa.

"Zile video walizomrekodi kwa simu mwaka juzi mnazo?" aliniuliza. "Si wewe ni fundi wa video? Ziunganishe. Mwalimu asimame mbele, sauti yake ya zamani ifundishe, watoto wajibu. Ijumaa nitakaa nyuma niangalie. Ila dakika saba zisizidi. Televisheni ni moja na madarasa yanaigombania."

Baba aliniangalia mimi, si yeye. Alitaka darasa lake. Hilo halikuhitaji maneno.

Mimi ni fundi wa video za harusi. Sikusomea, nilijifunza kwa kuharibu. Vipande vilikuwa kumi na kimoja, na nilivitazama vyote kabla ya kukata hata kimoja, nikaandika kwenye daftari kila kimoja kina nini na kinaanzia wapi. Nikachagua vitatu vya kujumlisha sehemu. Katika cha kwanza Baba anakunja karatasi mbili, moja nusu, nyingine theluthi, anauliza kama vipande visivyolingana vinaweza kuhesabiwa pamoja. Katika cha pili anazigawa zote mbili katika sita. Katika cha tatu anajumlisha: tatu za sita na mbili za sita, tano za sita. Cha nne kilikuwa kifupi sana, Baba anacheka na kusema, "Vizuri sana! Mpigieni makofi." Nikasawazisha sauti, maana kimoja kilinong'ona na kingine kilipiga kelele. Kila mwisho wa kipande niligandisha picha, nikaandika swali chini yake kwa herufi nyeupe. Baada ya kila swali nikaweka ile sifa. Niliona watoto watafurahi.

Nilipomwonyesha mara ya kwanza, Baba alifunika kona ya skrini kwa kiganja cha kushoto. Nikadhani hataki kujiona. Nikaondoa mkono wake taratibu, akaurudisha. Tukaenda hivyo mara tatu, jasho likimtoka, hadi Mama akaja na miwani yake.

"We mtoto, swali linauliza nusu ni ngapi za sita, na jibu liko ubaoni nyuma yake! Kwa mtihani huo hata mimi ningepata mia."

Kweli. Niligandisha picha baada ya chaki kuandika. Nikarudi nyuma sekunde nne, ubao ukiwa bado mtupu, nikagandisha pale. Baba akashusha pumzi.

Halafu akainua vidole vinne, akakunja ngumi. Vinne, ngumi. Arobaini. Alitaka kila swali lisubiri sekunde arobaini.

"Baba, arobaini ni nyingi. Kwenye harusi picha ikisimama hivyo, watu wanadai hela zao."

"Haya," alisema, na kuinua tena vidole vinne.

"Mwache," Mama alisema. "Wewe umezoea kuwakata mabibi harusi wakichelewa kulia."

Nikaweka arobaini. Mwishoni nikaweka marudio: hatua tatu, zikitokea mstari mmoja mmoja kwa sauti yake mwenyewe. Tafuta asili moja, yaani ile namba ya chini. Badilisha kila sehemu. Jumlisha za juu tu.

Alhamisi alasiri nilipima urefu. Dakika nane na sekunde ishirini. Nilitafuta pa kupunguza. Maelezo hayakatiki, yakikatwa somo linavunjika. Marudio hayakatiki. Kilichobaki kilikuwa kimya, na mimi kazi yangu ni kuondoa kimya. Nikapunguza kila pumziko kuwa sekunde kumi. Dakika sita na hamsini. Baba alikuwa amelala baada ya dawa. Sikumwamsha.

Ijumaa watoto walikuwa themanini na wawili, watatu watatu kwenye dawati. Baba alisimama kando ya televisheni na shati lililopigwa pasi. Mwalimu mkuu alikaa nyuma, rimoti mfukoni, kalamu mkononi. Mimi nilisimama mlangoni.

Sauti ya Baba ilipotoka, darasa zima lilinyamaza. Wengine walimtazama yeye, wengine skrini, kama watu waliopewa baba wawili. Likaja swali la kwanza. Baba akainua mkono wa kushoto kuwaita wajibu. Vichwa vikainama kwenye madaftari. Nilihesabu moyoni. Saba, nane, tisa.

"Vizuri sana!" televisheni ikasema. "Mpigieni makofi."

Hakuna aliyekuwa amejibu. Kwanza wakakodoa macho, kisha nyuma mtu akacheka, kisha wote wakapiga makofi, kwa sababu wameambiwa.

Baba alinigeukia. Sijui nieleze vipi uso ule. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeweka mguu pasipo na ngazi.

Swali la pili, msichana wa dawati la mbele alisimama, kidole kwenye daftari. "Nusu ni... ni tatu za..."

"Vizuri sana!"

Akakaa. Darasa likavunjika kwa kicheko. "Amesifiwa bure!" mmoja akapiga kelele. Baba akapapasa pembeni ya televisheni kutafuta kitufe, mkono mmoja hautoshi, vitufe viko nyuma. Nilipokuwa nikipenya katikati ya madawati, mwalimu mkuu naye akitafuta rimoti mifukoni, Baba akachomoa flashi yenye video. Skrini ikawa nyeusi.

Akamwelekezea yule msichana kiganja. Akasubiri. Kicheko kikapungua, kikaisha. Dakika nzima ikapita, sijawahi kuiona ndefu namna ile. Msichana akasimama.

"Tatu za sita."

"Haya," Baba alisema.

Akaenda ubaoni, akajaribu kuandika tatu kwa mkono wa kushoto. Watoto walisubiri. Chaki ilivunjika mara mbili. Swali lililofuata alitaka kuliuliza, nikaona midomo yake ikilitafuta, ikafunguka, ikafunga. Msichana alibaki amesimama, akimwangalia kwa adabu, hajui anatakiwa kujibu nini. Kengele ikalia.

Watoto walipotoka, nilimwambia mwalimu mkuu kila kitu. Kosa ni langu. Kila pumziko lilikuwa sekunde arobaini, mimi ndiye niliyekata. Nipewe wiki moja.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nakuamini, binti. Na yule mtoto alijibu, nimesikia." Akakunja karatasi yake. "Lakini video ikiharibika au mtoto akiuliza kisichomo, nani atamjibu? Na dakika saba si mimi ninayezipanga." Akamgeukia Baba. "Mwalimu, nisamehe. Jumatatu nitakukabidhi funguo za stoo."

Baba akajifuta chaki kwenye shati, akaanza kutoka.

Tulipofika mlangoni mwalimu mkuu alitukimbilia kidogo.

"Ile video," aliniambia kwa aibu, "ukirudisha zile arobaini, hata dakika zikizidi saba, naomba tubaki nayo. Mwalimu mgeni atakayeshika darasa ataweza kuisimamisha kwa rimoti. Maelezo yale hakuna anayeyaweza."

Nilimwangalia Baba. Alikuwa bado ameishika flashi. Akaniwekea mkononi, kisha akainua vidole vinne, akakunja ngumi.